Usaili wa ngazi ya mwandamizi na stafu: jinsi ya kueleza uamuzi mmoja uliogusa timu kadhaa

Katika usaili wa wahandisi wa programu wa ngazi za juu, kuna kipindi kimoja chenye uzito kuliko vingine vyote. Hakina zoezi la kuandika msimbo wala la kuchora mfumo wa kubuni. Unaambiwa tu: "Tueleze uamuzi mmoja wa kiufundi uliouongoza, uliogusa timu zaidi ya moja." Kisha unaachiwa dakika 45 au saa nzima. Watu hodari wengi hukwama hapo, kwa sababu wanaeleza mfumo ulivyo, na hawagusi kabisa namna ulivyoamuliwa.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho peke yake. Nimekaa upande wa kuuliza mara nyingi, kwa hiyo nitasema pia kinachoandikwa kwenye fomu ya tathmini baada ya msailiwa kutoka.

Kwanza, tofauti ya ngazi hizi mbili. Mhandisi mwandamizi hupewa tatizo lenye mipaka, akalitatua vizuri na kuona mbele kidogo ya mipaka hiyo. Stafu hushughulika na tatizo ambalo halina mwenyewe: kila timu inaona kipande chake, kila kipande kinaonekana kizima, na bado jumla inavuja. Kampuni hutofautiana katika majina ya vyeo, lakini fomu nyingi za tathmini hurudi kwenye swali hilohilo: je, mtu huyu alitatua alichopewa, au ndiye aliyeonyesha tatizo liko wapi na kuwafanya watu wasio chini yake wakubali kulilipia?

Hatua ya 1: Chagua uamuzi, usichague mradi

Kosa la kwanza ni kuchukua mradi mkubwa kuliko yote uliyowahi kushiriki. Mradi mkubwa una watu wengi, na msaili atatumia nusu ya muda akitafuta wewe ulikuwa wapi ndani yake. Akikuuliza mara ya pili "na wewe hasa ulifanya nini?", ujue tayari ameanza kuwa na wasiwasi.

Tafuta uamuzi ambao ulikuwa na njia mbili au tatu za busara, uligharimu timu fulani kitu cha kweli, ulipingwa na mtu mwenye akili timamu, na umekaa muda wa kutosha hadi unajua matokeo yake. Uamuzi wa mwezi uliopita haufai, kwani bado hujui ulikosea wapi.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Chukua njia uliyoikataa, uitetee kwa sauti kwa dakika mbili, kana kwamba wewe ndiye uliyeipendekeza. Ukishindwa, au ukijikuta unaidhihaki, basi hukufanya uamuzi, ulifuata mazoea. Tafuta mfano mwingine.

Hatua ya 2: Rudisha kumbukumbu kwenye namba

Kabla ya usaili, andika upya hali ilivyokuwa kabla ya uamuzi: maombi mangapi kwa sekunde wakati wa kilele, hitilafu zilitokea wapi, nani aliamshwa usiku. Usitoe siri za mwajiri wako wa zamani. Uwiano unatosha: "mara tano ya kawaida", "chini ya asilimia moja". Msaili haihitaji namba yenyewe. Anataka kuona kama ulikuwa na namba wakati ule, au umeitafuta baadaye ili kupamba hadithi.

Tuufanyie kazi mfano mmoja mpaka mwisho. Nimeubuni kwa ajili ya mwongozo huu, lakini tatizo lake ni la kawaida sana.

Kuna huduma ya oda. Mteja akithibitisha oda, huduma hiyo inaiandika kwenye PostgreSQL, kisha inaita huduma nyingine nne mfululizo na kusubiri jibu la kila moja: malipo, ghala, ujumbe kwa mteja, na uhasibu. Kila huduma ina timu yake. Kila timu inajivunia kupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda, na kwenye dashibodi yake kila kitu ni kijani. Hata hivyo, wateja wanalalamika kwamba oda zinakataa.

Hesabu yake ni fupi. Asilimia 0.1 ya siku 30 ni kama dakika 43. Huduma tano zikitegemeana kwa mnyororo, kupatikana kwa jumla ni 0.999 kwa kipeo cha tano, yaani karibu 0.995. Muda ambao oda inaweza kukataa unakuwa kama dakika 216 kwa mwezi, zaidi ya saa tatu na nusu. Hakuna timu iliyovunja ahadi yake. Hapo ndipo penye tatizo lisilo na mwenyewe, na msailiwa anayeanza na hesabu hii ameshajieleza kwa nini alistahili kuingilia.

Taja pia mipaka ya hesabu yako kabla hujaulizwa. Hii inachukulia kwamba huduma zinaanguka kila moja kwa wakati wake na kwamba hakuna kujaribu tena. Zikianguka pamoja, kwa mfano kwa sababu zote ziko kwenye klasta moja, jumla ya muda inapungua. Sentensi moja inatosha.

Hatua ya 3: Weka njia mezani, kila moja na bei yake

Hapa ndipo kwenye moyo wa usaili, na hapa ndipo uchukue muda wako.

Njia ya kwanza ilikuwa kubaki na miito ya kusubiri jibu, ila kuiimarisha: kuweka kikomo cha muda, kujaribu tena, na kuacha kuita kwa muda huduma inayoonekana kuanguka. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyokubali. Hakuna kitu kipya cha kuendesha, na kosa linaonekana palepale linapotokea. Bei yake ni kwamba mnyororo unabaki mnyororo. Zaidi ya hayo, kujaribu tena huduma iliyolemewa kunaweza kuizidishia mzigo.

Njia ya pili, ambayo wahandisi wengi huiruka kwa haraka, ni "tuandike oda kwenye hifadhidata, kisha tutume tukio kwenye Kafka". Inaonekana safi mpaka uulize: je, programu ikizimika baada ya kuandika na kabla ya kutuma? Oda ipo, tukio halipo, na hakuna atakayejua. Ukigeuza mpangilio, tukio linaweza kwenda kwa oda ambayo haikuandikwa. Mifumo miwili haiwezi kuandikwa kwa muamala mmoja hivihivi tu.

Njia ya tatu ni jedwali la autiboksi. Oda na tukio lake vinaandikwa kwenye hifadhidata ileile, ndani ya muamala mmoja:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO oda (id, mteja_id, jumla) VALUES (...);
INSERT INTO autiboksi (aina, oda_id, mwili) VALUES (...);
COMMIT;
```

Vyote viwili vinaingia, au vyote viwili havipo. Kisha programu ndogo ya kando, tuiite msambazaji, inasoma safu ambazo hazijatumwa, inazipeleka Kafka, na kuziwekea alama.

Njia ya nne ni kutumia chombo kama Debezium kusoma logi ya mabadiliko ya PostgreSQL moja kwa moja kutoka jedwali la oda. Hakuna msimbo mpya kwenye huduma ya oda. Lakini umbo la ndani la jedwali linageuka kuwa mkataba na timu nyingine: siku timu ya oda itakapobadilisha jina la safuwima, uhasibu unaanguka. Pia kuna hatari ya uendeshaji. Msomaji akisimama, sloti ya riplikesheni huizuia PostgreSQL kufuta logi ya zamani, na diski ya hifadhidata ya oda inaanza kujaa. Toleo la 13 lilileta mpangilio wa `max_slot_wal_keep_size` unaoweka kikomo. Hata hivyo, kikomo kikifikiwa msomaji anapoteza nafasi yake, na kazi ya kumrudisha si ndogo.

Msailiwa wa mfano wetu alichagua ya tatu. Kinachohesabika ni kwamba hakuichagua kwa kila kitu. Malipo na ghala vilibaki kwenye miito ya kusubiri. Mteja anahitaji kujua papo hapo kama malipo yamepita, na ghala likijulishwa baadaye duka linaweza kuuza kitu kilichokwisha. Ujumbe na uhasibu ndivyo vilivyohamia kwenye matukio. Mnyororo ukapungua kutoka huduma tano hadi tatu, na hesabu ileile inatoa kama dakika 130 badala ya 216. Namba hii haivutii sana, na ndiyo maana inaaminika. Akisema alimaliza tatizo lote, mimi nitaanza kuchimba.

Hatua ya 4: Jiandae kushuka tabaka moja zaidi

Baada ya dakika kumi au kumi na tano, msaili mzuri atachagua sehemu moja na kushuka nayo. Anapima kama uliigusa kazi hii kwa mkono au uliisikia mkutanoni. Huwezi kujua atachagua wapi, ila unaweza kuwa na sehemu mbili tatu ambazo unazijua mpaka chini.

Kwenye autiboksi, sehemu mojawapo ni jinsi msambazaji anavyosoma. Wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kukumbuka `id` ya mwisho iliyotumwa na kusoma zilizo kubwa kuliko hiyo. Wazo hili hupoteza matukio kimyakimya. PostgreSQL hugawa namba za mfuatano wakati safu inaandikwa, si wakati muamala unakamilika. Muamala wa kwanza unaweza kupewa 501, wa pili 502, na wa pili ukamalizika kwanza. Msambazaji anaona 502, anaikumbuka, anaendelea. Nusu sekunde baadaye 501 inakamilika, na hakuna atakayerudi kuitazama. Kwenye kompyuta ya mwendelezaji hutaliona hilo kamwe, kwani hakuna msongamano. Utaliona kwenye kazi halisi, saa ya kilele, kama oda moja moja zisizo na ujumbe.

Dawa yake ni kuacha kukumbuka namba ya mwisho na kutafuta zisizo na alama:

```sql
SELECT id, aina, oda_id, mwili FROM autiboksi
WHERE imetumwa_saa IS NULL
ORDER BY id LIMIT 100
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Iliyochelewa kukamilika bado haina alama, kwa hiyo itapatikana mzunguko unaofuata. Bei yake ni kwamba mpangilio wa matukio hauhakikishiwi tena, hasa wasambazaji wakiwa wawili. Kila tukio linabeba namba ya toleo la oda, na mpokeaji hupuuza toleo la zamani kuliko alilonalo.

Sehemu ya pili ni kurudiwa. Msambazaji akizimika baada ya kutuma Kafka na kabla ya kuweka alama, atatuma tena. Kwa hiyo kila mpokeaji lazima aweze kupokea tukio lilelile mara mbili bila kuharibu kitu. Kwa uhasibu ni rahisi kiasi: namba ya tukio inaandikwa kwenye jedwali lenye ufunguo wa kipekee, ndani ya muamala uleule unaoandika ingizo la kitabu. Likija mara ya pili, ufunguo unakataa. Kwa ujumbe wa mteja haiwezekani kikamilifu, kwa sababu baruapepe ikishaondoka hakuna muamala wa kuirudisha. Timu ilikubali kwamba mara chache mteja atapata ujumbe mara mbili. Sema hivyo wazi. Kukiri kwamba udhaifu fulani uliachwa kwa makusudi, na kueleza nani alikubali, kuna thamani kuliko kudai haupo.

Halafu yatakuja maswali ya "je". Mazungumzo huwa hivi:

"Umesema mnasoma safu 100 kila nusu sekunde. Oda zikiongezeka mara kumi?"

"Kilele chetu kilikuwa kama oda 40 kwa sekunde, na uwezo wa msambazaji ni 200. Mara kumi ni 400, kwa hiyo anazidiwa. Kwanza ningeondoa usingizi wa nusu sekunde pale anapopata safu 100 kamili, maana hiyo ni dalili kuna nyingine zinasubiri."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tatizo linahamia kwenye jedwali lenyewe. Kila alama inayowekwa inaacha nakala mfu ya safu, na usafishaji unachelewa. Ningeligawa jedwali kwa siku na kuangusha kipande kizima cha siku ambayo matukio yake yote yameshatumwa. Hilo nalo lisipotosha, ningeiweka Debezium isome jedwali la autiboksi pekee, si jedwali la oda. Wapokeaji hawatabadilisha chochote."

Angalia jinsi jibu linavyokwenda. Anakokotoa, anataja kinachovunjika kwanza, anatoa dawa ya bei nafuu, kisha kinachovunjika baadaye. Na mwisho anaonyesha kwamba uamuzi wa mwanzo haukufunga mlango. Jibu ambalo huniangusha moyo ni "tungeongeza seva".

"Mlijuaje kwamba inafanya kazi?" ni swali jingine la hakika. Jibu zuri hapa ni kipimo kimoja: umri wa safu ya zamani kuliko zote ambayo haijatumwa. Ukizidi sekunde 60, mtu wa zamu anaitwa. Idadi ya safu zinazosubiri haitoshi, maana inapanda kila kilele bila tatizo lolote. Umri hupanda tu kitu kinapokwama.

Hatua ya 5: Eleza nani alilipa, na pingamizi lilibadilisha nini

Kufikia hapa, kila kitu nilichoeleza kinaweza kumpatia mtu cheo cha mwandamizi. Kinachofuata ndicho kinachotenganisha.

Uamuzi wa kiufundi unaogusa timu kadhaa huhamisha kazi kutoka mabega fulani kwenda mengine. Katika mfano wetu, timu ya oda ilipumua. Timu ya uhasibu ilipewa kazi mpya ambayo haikuiomba: kupokea matukio, kuzuia marudio, kuwa na zamu ya dharura kwa foleni. Msailiwa anayesema "timu zote zilikubaliana" ananiambia kwamba hakusikiliza, au hakuwepo.

Kiongozi wa timu ya uhasibu alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito: "Leo tukianguka, oda inakataa na kila mtu anajua. Kesho tukianguka, oda itapita, pesa itaingia, na kwenye vitabu kutakuwa na shimo ambalo hakuna aliyeliona." Yuko sahihi. Kubadilisha kosa linaloonekana kuwa kosa lililofichika ni hasara ya kweli.

Msailiwa dhaifu husimulia alivyomshinda mtu huyu kwa hoja. Msailiwa imara husimulia jinsi pingamizi lilivyobadilisha muundo. Hapa liliongeza kazi ya usiku inayolinganisha oda za siku iliyopita na maingizo ya vitabu, namba kwa namba, na kutoa orodha ya zisizolingana. Timu ya uhasibu ndiyo iliyoandika masharti yake. Na miito ya zamani haikuzimwa mpaka orodha hiyo ilipotoka tupu kwa wiki mbili mfululizo, njia zote mbili zikiendeshwa sambamba, mpya ikiandika kwenye jedwali la majaribio tu.

Kulikuwa na timu ya sita, ya takwimu, ambayo haikuwemo kwenye mnyororo lakini ilitaka njia ya Debezium kwa sababu ingepata safuwima zote bila kumwomba mtu. Hawa walikataliwa. Kila wanapotaka taarifa mpya, lazima waombe iongezwe kwenye tukio, na hawajaacha kulalamika. Lieleze hilo bila kulipaka rangi. Kila uamuzi wa aina hii huacha mtu mmoja asiyeridhika, na hadithi isiyo naye huwa inanitia shaka.

Eleza pia utaratibu: uliandika hati ya kurasa mbili tatu yenye muktadha, njia zilizofikiriwa, uamuzi na matokeo yake. Ni mtindo wa kumbukumbu za maamuzi ya usanifu ambao Michael Nygard aliuelezea mwaka 2011, na timu nyingi zinautumia. Taja nani alikuwa na haki ya kuamua. Kama hukuwa na mamlaka juu ya timu ya uhasibu, na kwa kawaida stafu hana, sema ulichowapa: labda maktaba ndogo ya msimbo inayozuia marudio, ili kazi yao ipungue, au ulikwenda kwa meneja wao kuomba nafasi kwenye mpango wa robo mwaka ukiwa na hesabu ya dakika 216 mkononi. Na tenganisha kazi yako na ya wenzako. Hati niliiandika mimi, maktaba aliandika mwenzangu, wazo la ulinganisho lilikuwa la uhasibu. Kugawa sifa hivi hakukupunguzii kitu. Kunamfanya msaili aamini sehemu unayodai ni yako.

Hatua ya 6: Malezi ya wahandisi, kwa ushahidi uleule

Swali la kulea wengine huja kivyake, lakini jibu bora hutoka kwenye kazi ileile, kwa sababu msaili ameshaielewa. Usijibu kwa falsafa. Chagua mtu mmoja, bila kumtaja jina, useme alikuwa hawezi nini, ulifanya nini, na baadaye aliweza nini bila wewe.

Kwenye mfano wetu, mhandisi wa ngazi ya kati kutoka timu ya uhasibu alipewa kuandika mpokeaji wa matukio. Toleo lake la kwanza lilithibitisha kwa Kafka kwamba tukio limepokelewa kabla ya kuandika kitabuni. Programu ikizimika katikati, tukio limepotea. Msailiwa aliiona kasoro hiyo mara moja kwenye ukaguzi wa msimbo. Angeweza kuandika maoni ya mstari mmoja na kumaliza. Badala yake aliomba jaribio moja: zima programu kwa nguvu kati ya mistari hii miwili, uiwashe, unionyeshe idadi ya maingizo. Mhandisi aliliona pengo mwenyewe, akageuza mpangilio, akagundua kwamba sasa anapata marudio, na ndipo jedwali la ufunguo wa kipekee likawa na maana kwake. Ilichukua siku mbili badala ya dakika tano.

Na hiyo ndiyo sehemu ya kusemea: kwa nini siku hizo mbili zilikuwa halali. Mpokeaji hakuwa kwenye njia ya mteja bado, na muda ulikuwepo. Ingekuwa katikati ya hitilafu, jibu lingetolewa moja kwa moja. Msaili anasikiliza kama unajua tofauti hiyo. Ushahidi wa mwisho si kwamba alipandishwa cheo, kwani vyeo hupandishwa kwa sababu nyingi. Ni kwamba timu nyingine ilipotaka kupokea matukio hayo, yeye ndiye aliyepitia muundo wao, na jaribio la kuzima programu katikati likawa takwa lake la kwanza.

Uwe tayari pia kwa swali la mtu ambaye juhudi zako hazikumfikisha popote. Jibu fupi linatosha: ulichojaribu, ulipogundua haifanyi kazi, na ulimwambia nani. Ukilalamikia tabia yake kwa dakika tano, fomu itaandika hilo.

Hatua ya 7: Mazoezi na mgawanyo wa muda

Andaa toleo la dakika tano linalosimama peke yake: tatizo na hesabu yake, njia, uamuzi, aliyelipa, matokeo. Litoe lote kwanza, kisha simama, umwachie msaili achague. Wengi hukosea hapa. Wanatumia dakika ishirini kueleza huduma za kampuni yao zinavyoitwa, na uamuzi wenyewe unafika muda ukiwa umekwisha. Ukichora, chora visanduku vitano na mishale. Vingine vinaweza kusubiri.

Fanya mazoezi na mhandisi ambaye hakuwa kwenye mradi, umpe ruhusa moja: kila unapotaja chaguo, aulize "kwa nini si lile jingine?" Mahali utakapojibu "kwa sababu ndivyo inavyofanywa" ndipo pa kurudi kusoma.

Msaili akileta njia ambayo hukuifikiria, usikimbilie kuitetea yako. Ipime palepale kwa vigezo vilevile ulivyotumia: nani analipa, nini kinavunjika kwanza, tutajuaje. Ikiwa ni bora, sema ni bora na ueleze ni taarifa gani hukuwa nayo wakati ule. Nimewahi kuona msailiwa akipata alama za juu kwa jibu la namna hiyo kuliko kwa mradi wake wote.

Dakika za mwisho ni zako. Zitumie kujua kama kazi ya stafu unayoiomba ipo kweli au ni mwandamizi mwenye cheo kirefu. Uliza: "Uamuzi wa mwisho uliogusa timu zaidi ya mbili hapa ulikuwa upi, uliandikwa wapi, na nani alikuwa na neno la mwisho?" Wakikupa hati, jina la cheo na pingamizi lililotokea, wana utaratibu. Wakitazamana, au wakisema kila kitu huamuliwa na mkurugenzi wa teknolojia, waulize swali la pili: timu mbili zikibishana leo kuhusu mpaka kati ya huduma zao, stafu anaruhusiwa kufanya nini bila kuomba ruhusa?